Kurudufu, kunukuu, kutafsiri: istilahi za DNA kwa kufuata herufi moja ya selimundu

Nikisahihisha karatasi za mwaka wa kwanza hapa Tabora, za vijana wanaosomea maabara, kuna sentensi naikuta tena na tena: "DNA hujinakili kuwa RNA, kisha RNA hujinakili kuwa protini." Anayeiandika si mvivu. Darasani amesikia maneno matatu ya Kiingereza, riplikesheni, transkripsheni na transleshen, na kichwani mwake yote matatu yametua kwenye neno moja la Kiswahili, kunakili. Neno moja likishabeba kazi tatu, hata swali lenyewe hawezi kulipanga, kwa sababu hajui anauliza kuhusu nakala ipi.

Kwa hiyo nimeacha kuwapa wanafunzi orodha ndefu ya istilahi za kukariri. Nawapa kipande kimoja cha jeni moja, herufi thelathini tu, na kila istilahi naifundisha pale inapohitajika. Jeni ninayoitumia ni ile ya selimundu. Huku kwetu magharibi, kuanzia Nzega hadi Ujiji, si rahisi kumpata mwanafunzi asiyemjua mtu mwenye ugonjwa huo, awe ndugu, jirani au mtoto aliyekuwa akikosa shule kila mara kwa maumivu ya mifupa.

Kwanza tuondoe mkanganyiko ambao hautokani na Kiingereza bali umo katika Kiswahili chetu wenyewe. Redio na magazeti husema "kipimo cha vinasaba" wakimaanisha kipimo cha DNA, na papo hapo husema mtu amerithi "vinasaba vya ugonjwa" wakimaanisha jeni. Msikilizaji wa kawaida hapotezi kitu, lakini mwanafunzi anaondoka akiamini DNA na jeni ni kitu kimoja. Darasani kwangu DNA ni ile kamba yenyewe, yaani kemikali ndefu iliyomo ndani ya kiini cha seli. Jeni ni kipande cha kamba hiyo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Nikisema kinasaba nina maana ya jeni, si kamba nzima. Kromosomu ni kamba moja ya DNA ikiwa imezungushiwa protini na kukunjwa ikashikamana. Binadamu ana kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Jeni yetu imo katika kromosomu ya 11, ina urefu wa herufi kama 1,600, na kwenye kompyuta utaikuta kwa jina la `HBB`.

Hizo ninazoziita herufi ni besi, na kwenye DNA ziko nne: adenini, thimini, guanini na sitosini, zinazoandikwa A, T, G na C. Kamba ya DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana, na besi za uzi mmoja zimeshikana mikono na besi za uzi wa pili kwa kanuni isiyobadilika: A hushikana na T, G hushikana na C. Besi mbili zilizoshikana huitwa jozi ya besi. Ukipewa uzi mmoja, uzi wa pili unaweza kuuandika mwenyewe bila kuuona. Watson na Crick walipochapisha umbo hili mwaka 1953, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha za eksirei za Rosalind Franklin, waliona hapo hapo kwamba kanuni hii ya jozi inaonyesha jinsi DNA inavyoweza kujizidisha.

Hapo ndipo tunapokutana na kazi ya kwanza, riplikesheni. Kwa Kiswahili naiita urudufishaji, kutoka kwenye kurudufu, yaani kitu kimoja kuwa viwili vilivyo sawa. Seli inapojiandaa kugawanyika, kamba yote ya DNA hufunguka na kila uzi hujengewa mwenzake mpya. Mahali nyuzi zinapoachana pana umbo ambalo mtu wa Tabora halimpi shida: reli inayotoka Dar es Salaam ikifika hapa hugawanyika, tawi moja likaenda Kigoma na jingine Mwanza. Hiyo ndiyo njia panda ya urudufishaji. Kimeng'enya kiitwacho helikasi hutangulia kikifungua nyuzi, na polimerasi ya DNA hufuata ikipanga besi mpya mbele ya zile za zamani. Mwishowe kunakuwa na kamba mbili, kila moja ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Kumbuka mambo mawili: kilichoingia ni DNA na kilichotoka ni DNA, na kilichorudufishwa ni kamba yote, si jeni moja.

Sasa tuje kwenye kipande chetu. Huu ndio mwanzo wa maelekezo ya protini ya beta-globini, sehemu mojawapo ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu. Nimeacha nafasi kila baada ya herufi tatu ili macho yasichoke. Kwenye DNA halisi hakuna nafasi.

```
uzi wa maana   5'- ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT -3'
uzi kiolezo    3'- TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC TTC AGA -5'
```

Alama za 5' na 3' huonyesha uzi umeelekea upande gani. Nyuzi mbili hulala kwa kupishana kichwa na miguu, ndiyo maana namba zimegeuzwa. Zichukue kama mshale wa barabara, itatosha kwa sasa.

Kazi ya pili ni transkripsheni. Kiswahili chake kizuri tayari kipo na wanaisimu wanakitumia siku zote: unukuzi. Anayenukuu huchukua maneno yale yale na kuyaandika mahali pengine, lugha ikibaki ile ile. Ndivyo inavyotokea hapa. Seli haitoi kamba ya DNA nje ya kiini. Hufungua jeni moja inayohitajika, na kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA husoma uzi mmoja na kutengeneza nakala fupi ya RNA. Lugha ni ile ile ya besi, isipokuwa mahali pa T, RNA huweka U, yaani urasili. Uzi unaosomwa naupa jina la uzi kiolezo, kwa sababu ndio unaowekwa mbele ili kitu kingine kitengenezwe kwa kuufuata. Uzi wa pili ni uzi wa maana: hausomwi, lakini RNA itakayotoka itafanana nao, T zikiwa zimegeuka U.

```
RNA tarishi    5'- AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG UCU -3'
```

RNA hii huitwa kwa Kiingereza RNA mesenja. Mimi husema RNA tarishi. Tarishi ni yule mtu wa ofisini anayetoka masijala na karatasi mkononi kuipeleka chumba kingine. Haandiki barua wala haijibu, yeye huipeleka tu. Kabla hajaondoka hufanyiwa jambo moja nitakalolipita haraka: ndani ya jeni mna vipande visivyohitajika, introni, ambavyo hukatwa, na vinavyobaki, eksoni, huungwa. Jeni ya beta-globini ina introni mbili. Kipande chetu kimo ndani ya eksoni ya kwanza, kwa hiyo mkasi huo hautugusi.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote liko hapa. Mwanafunzi hupewa uzi wa maana, akadhani ndio kiolezo, akaandika jozi zake na kutoa hivi:

```
UAC CAC GUA GAC UGA ...
```

Karatasi inaonekana safi, herufi zimepangwa vizuri, na U zipo. Utajuaje kwamba umekosea kabla mwalimu hajakuambia? Tazama mambo mawili. Tafsiri ya protini huanzia kwenye AUG, na hapa mwanzo ni UAC. Pili, kundi la tano la herufi tatu ni UGA, ambayo ni alama ya kusimama, kana kwamba protini imekwisha kabla haijaanza. Nakala ya maelekezo ya protini haiwi hivyo. Ukiona hayo, rudi ukasome swali: umepewa uzi upi, na mshale wake umeelekea wapi?

Kazi ya tatu ni transleshen, nayo ni tafsiri kwa maana ile ile tunayoijua. Mpaka hapa tulikuwa kwenye lugha ya besi. Sasa tunahamia lugha nyingine kabisa, ya amino asidi, ambazo zikiungwa kwa mnyororo hutoa protini. Kila besi tatu za RNA tarishi ni neno moja, na neno hilo linaitwa kodoni. Kuna kodoni 64. Kati yake 61 hutaja amino asidi na tatu, UAA, UAG na UGA, husema simama. Amino asidi zinazotajwa ni 20 tu, kwa hiyo nyingi zina kodoni zaidi ya moja, kama vile mtu mmoja kuwa na jina la nyumbani na jina la shuleni. Jedwali lote hilo la kodoni na amino asidi zake ndilo msimbo wa jeni. Msimbo wa jeni si mpangilio wa besi alizonazo mtu fulani. Ni kamusi, na karibu viumbe vyote, kuanzia mgebuka wa Ziwa Tanganyika hadi mwembe ulio nje ya darasa letu, hutumia kamusi hiyo hiyo.

Mahali pa kutafsiria ni ribosomu, na wanaoleta amino asidi ni RNA za aina nyingine, ambazo Kiingereza huziita RNA transfa. Sisi watu wa Tabora tuna neno letu: mpagazi. Mababu wa Unyamwezi walibeba mizigo mabegani kutoka Ujiji hadi pwani, na RNA mpagazi hufanya hivyo hivyo. Begani ana amino asidi moja, na upande wa pili ana besi tatu zinazoitwa kodoni kinzani, ambazo hushikana na kodoni ya tarishi kwa kanuni ya jozi. Kodoni ikiwa GAG, anayekubalika ni mpagazi mwenye CUC, na mzigo wake ni asidi ya glutamiki. Kijana mmoja wa Kasulu aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ribosomu yenyewe haijui lugha zote mbili?" Ni swali la mtu aliyeelewa. Ribosomu hukagua tu kama jozi zimekaa sawasawa. Ujuzi wa lugha mbili umo kwenye vimeng'enya vinavyompakia mpagazi mzigo, ambavyo kila kimoja kinajua amino asidi yake na wapagazi wake. Kimeng'enya hicho kikipakia mzigo usio wake na kosa lisirekebishwe, ribosomu itaupokea.

Tukitafsiri kipande chetu tunapata methionini, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki, lisini, serini. Methionini ya mwanzo huondolewa baadaye. Ndiyo maana utakuta maandishi yanayosema selimundu inatokana na nafasi ya 6 ya protini, na mengine yanayosema ya 7. Wa kwanza wanahesabu baada ya methionini kuondoka, wa pili wanaihesabu. Kwenye kompyuta za maabara utaona `p.Glu7Val`, na kwa upande wa DNA `c.20A>T`, yaani herufi ya 20 kuanzia ATG ilikuwa A, imekuwa T. Ihesabu kwenye kipande hapo juu kwa kidole. Utafika katikati ya GAG ya kwanza.

Badiliko la namna hiyo katika mpangilio wa besi, kwa Kiingereza mutesheni, mimi naliita mgeuko. Neno "mabadiliko" ni pana mno, maana hata hali ya hewa hubadilika. Herufi moja imegeuka, GAG imekuwa GTG, na tarishi sasa anasema GUG, ambayo ni valini.

```
kawaida      CCT GAG GAG      prolini - glutamiki - glutamiki
selimundu    CCT GTG GAG      prolini - valini    - glutamiki
```

Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na inapenda maji. Valini inayakwepa, na hapa imewekwa juu ya uso wa himoglobini, mahali ambapo maji yamejaa. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni hakuna tatizo. Ikishaiachia, umbo lake hubadilika kidogo, na kwenye himoglobini ya jirani hujitokeza kishimo kisichopenda maji. Valini hujichomeka humo. Moja hushika ya pili, ya pili hushika ya tatu, mpaka nyuzi ndefu ngumu hujaa ndani ya chembe nyekundu na kuipinda mithili ya mundu. Ndipo lilipotoka jina letu, selimundu. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, iliyopinda huishi siku 10 hadi 20, na ndani ya muda huo mfupi huziba mishipa midogo. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba tatizo liko kwenye molekuli ya himoglobini yenyewe, na Vernon Ingram akaonyesha miaka michache baadaye kwamba tofauti ni amino asidi moja tu.

Kodoni hii moja inatosha kufundishia aina zote kuu za mgeuko. GAG ikiwa GAA, bado inasema asidi ya glutamiki, na protini haitofautiani hata kidogo: huo ni mgeuko kimya. Ikiwa AAG inasema lisini, na matokeo yake ni himoglobini C, inayojulikana zaidi Afrika Magharibi. Ikiwa TAG, tarishi atasema UAG, simama, na mnyororo utakatikia hapo. Lakini unaowashtua zaidi wanafunzi ni pale herufi isipobadilika bali inapodondoka. Toa hiyo A ya katikati, kisha hesabu tatu tatu upya:

```
CCT GGG AGA AGT CT...
prolini - glisini - arginini - serini - ...
```

Kila kodoni baada ya hapo imeharibika, ingawa besi zake zote ni nzima. Naiita hali hii mgeuko wa kusogeza, kwa sababu mstari wa kusomea umesogea nafasi moja. Mbele kidogo usomaji huu unakutana na UGA na kusimama. Mgeuko huu upo kwa watu kweli, na husababisha beta-thalasemia, upungufu wa damu unaotokana na kukosa beta-globini.

Yamebaki maneno ya kurithi, nayo yanaeleweka vizuri zaidi maabara. Umbo moja la jeni kati ya maumbo yake yaliyopo huitwa aleli. Aleli ya kawaida tuiite A, ya selimundu S. Kila mtu ana aleli mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba, na jozi aliyonayo ndiyo jenotaipu yake: AA, AS au SS. Yanayoonekana kwake, afya, damu, umbo la chembe, ndiyo fenotaipu. Mwenye AS ni mbebaji, kwa kawaida haumwi, tena ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake Afrika Mashariki. Ndiyo sababu aleli S imedumu kwa wingi kwenye maeneo ya mbu kama yetu.

Jenotaipu husomwaje kwenye DNA? Kuna vimeng'enya mkasi, ambavyo kila kimoja hukata DNA pale tu kinapokuta neno lake. Kimoja, `MstII`, hukata kwenye `CCTNAGG`, ambapo N ni besi yoyote. Rudi kwenye kipande: aleli A ina CCTGAGG, inakatwa. Aleli S ina CCTGTGG, haikatwi. Tuseme, kwa mfano wa darasani, tumerudufisha kwenye mashine kipande cha jozi 300 chenye neno hilo mara moja tu, nalo likiwa baada ya jozi 200. Tukikiweka kwenye jeli na kupitisha umeme, DNA, yenye chaji hasi, hukimbilia upande chanya, na vipande vifupi hutangulia. AA ataonyesha mistari miwili, 200 na 100. SS ataonyesha mmoja, 300. AS ataonyesha yote mitatu.

Nilipowaonyesha picha ya jeli yenye mstari mmoja wa 300, darasa zima lilisema SS. Nikawauliza: na kama kimeng'enya kimekufa? Hivi vitu hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na huku umeme hukatika. Kimeng'enya kilichoharibika hakikati chochote, na kila sampuli itaonekana SS, hata ya mtu mzima wa afya. Kwa hiyo kwenye kila jeli lazima pawe na sampuli ya mtu anayejulikana kuwa AA. Hiyo isipokatika, jeli yote inatupwa. Na kuna shimo jingine wanalolikuta wenyewe wakiachwa watulie: himoglobini C ina CCTAAGG, na kwa kuwa N hupokea besi yoyote, mkasi unakata kama kawaida. Kipimo hiki hakiwezi kuitofautisha C na A.

Binti mmoja wa Ujiji aliitazama jeli ya mwisho, yenye mistari mitatu, akaweka kidole kwenye 300. "Huu umetoka kwa mzazi mmoja," akasema, kisha akashusha kidole kwenye 200 na 100, "na hii miwili imetoka kwa mwingine." Akaandika AS pembeni, na chini yake, bila kuambiwa, akaandika: fenotaipu, mzima.